Kiburi, Mashua na Kaa: majina ya wanyama wetu na yaliyofichwa ndani yake

Katika nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, paka hakupewa jina siku aliyoingia. Bibi alikuwa akisema, "Mwacheni kwanza ajitaje mwenyewe," na kwa wiki moja au mbili mnyama aliitwa "mgeni" tu, huku kila mtu akimwangalia anakula vipi, analala wapi na anaogopa nini. Kisha siku moja jina lilimtoka mtu jikoni bila kupangwa, wengine wakacheka, na likawa limeshika. Ndivyo tulivyompata Saa Kumi, paka aliyefika barazani kila jioni muda ule ule jirani yetu alipoanza kukaanga samaki, na Karani, aliyekuwa haridhiki mpaka akalie daftari la madeni la mjomba likiwa wazi. Alikuwapo pia Mshitaki, ambaye akipigwa na paka mwenzake alikwenda moja kwa moja hadi miguuni kwa bibi na kulia kwa sauti ndefu, akinyamaza na kuendelea, kama mtu anayesimulia kisa chote tangu mwanzo.

Nimeishi na paka na mbwa tangu utoto wangu katika nyumba ile, na sasa nina ua wangu mwenyewe huko Muheza. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba jina la kuchekesha mara nyingi ndilo jambo la kwanza kubainika kuhusu mwili wa mnyama, kabla hata mwenye nyumba hajajua kwamba kuna la kubaini. Watu huona tabia isiyo ya kawaida, huipa jina, hucheka, na hapo ndipo wengi huishia. Nasi tuliishia hapo mara kadhaa, na wanyama wetu wakalipa gharama yake.

Nianze na Kiburi. Alikuwa paka mweupe pepe, mwenye macho mawili ya buluu, aliyeletwa kwetu akiwa na miezi kama minne. Ukimwita hakugeuka. Ukipiga sahani ya bati kwa kijiko, sauti iliyowakusanya paka wote wa uani, yeye alibaki amekaa ukingoni mwa baraza akitazama barabara, na alikuja kula pale tu alipowaona wenzake wakikimbia. Mjomba alisema huyu amezaliwa ikulu, hawezi kuitikia wito wa watu wa kawaida, na jina la Kiburi likampata siku hiyo hiyo. Tulilipenda jina lile kwa sababu lilimkaa vizuri: alikuwa mrembo, alitembea taratibu, na alipolia alilia kwa sauti kubwa kupita kiasi, hata usiku wa manane, kana kwamba nyumba nzima ilikuwa na wajibu wa kumsikiliza.

Miezi ilipita hivyo, mpaka pikipiki ilipomgonga mguu wa nyuma mbele ya nyumba. Dereva alikuwa amepiga honi kutoka mbali, nasi sote tuliisikia tukiwa ndani, lakini Kiburi hakusogea hata kidogo. Bwana mifugo aliyekuja kumtibu hakuuliza habari za mguu kwanza. Alimtazama usoni, akauliza, "Huyu anasikia?" Bibi akajibu kwamba anasikia lakini ana kiburi. Bwana mifugo akangoja paka alale kwenye mkeka, akasimama nyuma yake mbali kiasi cha hatua tatu, akagonganisha vifuniko viwili vya sufuria hewani. Sikio halikucheza. Alitueleza kwamba paka anayesikia, hata akiwa usingizini, sikio lake hugeuka kuelekea sauti, na kwamba jaribio hilo lina masharti yake: usipige mguu chini, kwa kuwa paka kiziwi huhisi mtikisiko wa sakafu, na usisimame karibu kiasi kwamba upepo wa mikono yako unafika kwenye manyoya yake.

Chanzo kilikuwa katika ile rangi tuliyoisifu. Kile kirithi kinachompa paka weupe wa mwili mzima huzuia chembe za rangi zisisambae mwilini wakati kitoto kinapoumbwa tumboni, na chembe hizo hizo zinahitajika ndani kabisa ya sikio ili kiungo cha kusikia kiendelee kuishi. Zikikosekana, kiungo hicho hufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Macho ya buluu ni dalili ya upungufu ule ule, na ndiyo maana kati ya paka 100 weupe wenye macho mawili ya buluu, takriban 65 hadi 85 huwa viziwi. Mwenye jicho moja la buluu na jingine la manjano anaweza kusikia vizuri, au akawa kiziwi kwa sikio moja tu, kwa kawaida lile la upande wa jicho la buluu. Hata ile sauti kubwa ya usiku ilikuwa na maelezo: hakuwa akijisikia mwenyewe, basi hakuwa na kipimo cha kuipunguza.

Bibi alikaa kimya muda mrefu baada ya bwana mifugo kuondoka, kisha akasema kwamba tumemsingizia kiumbe wa Mungu. Hakutaka jina lile litajwe tena. Sisi watoto tulibisha kidogo, kwa sababu paka mwenyewe hakuwahi kulisikia, lakini kwa bibi jambo halikuwa kwamba paka anasikia au hasikii, bali sisi tunasema nini juu yake kila siku. Akamwita Bi Kimya, ingawa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Tangu hapo tulimwita kwa kugonga sakafu ya saruji mara mbili kwa kisigino, akageuka kila mara, na mlango wa mbele ukawa unafungwa.

Mashua alikuja miaka miwili baadaye, na mwanzoni jina lake lilikuwa Mlevi. Alikuwa mmoja wa watoto watatu wa paka wa nyumbani, na alipoanza kutembea wakati wenzake walipoanza, yeye aliyumba. Miguu aliitanua, akainua kila mmoja juu kuliko ilivyohitajika, na kichwa kilitikisika. Nilimtazama kwa karibu sana siku moja akijaribu kunywa maziwa: alipokuwa mbali na sahani kichwa kilitulia, alipokisogeza karibu kikaanza kutetemeka, na kadiri ulimi ulivyokaribia maziwa ndivyo mtetemo ulivyozidi, mpaka pua yote ikazama, akapiga chafya na kuanza upya. Akilala, mtetemo uliisha kabisa.

Jina la Mlevi lilituletea matatizo upande ambao hatukuutarajia. Wasomaji wa pwani wataelewa: sisi ni watu wa mafumbo, na neno linalosemwa kwa sauti barazani huchukuliwa kuwa limetumwa mahali. Jirani mmoja, mtu mzima aliyekuwa na mazoea ya kurudi jioni akiwa amekunywa, alisikia mara kadhaa kitoto cha nyumba yetu kikiita, "Mlevi! Njoo ule, Mlevi!" wakati ule ule anapopita. Hakusema kitu kwa wiki nzima. Kisha alikuja asubuhi, amevaa vizuri, akampigia bibi hodi na kumwambia kwa adabu kwamba kama ana neno naye amwambie mwenyewe, asiwatume wajukuu. Bibi alimkaribisha ndani, akamwonyesha paka, na paka akatembea mbele yake kwa mwendo wake ule. Walicheka wote wawili, lakini bibi alimwomba radhi, na jioni hiyo jina likabadilishwa likawa Mashua, kwa jinsi alivyopanda na kushuka kama chombo kilichokutana na kusi.

Bwana mifugo yule yule alisema kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayosawazisha mwendo, haikukua vizuri. Sababu inayojulikana zaidi ni mama kuambukizwa akiwa na mimba kirusi cha ugonjwa wa paka unaoangamiza chembe nyeupe za damu. Kirusi hicho hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi, na ubongo wa kitoto kilicho tumboni ni mahali penye chembe hizo. Hali hiyo haiumi, haiambukizi kwa kuwa ni jeraha lililokwisha kutokea, na haizidi kadiri paka anavyokua. Lakini alitupa onyo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile: paka aliyeyumba tangu hatua zake za kwanza ni jambo moja, na paka aliyekuwa akitembea vizuri kisha akaanza kuyumba ni jambo jingine kabisa. Huyo wa pili huenda amekula panya aliyekufa kwa sumu, au ana ugonjwa ndani ya sikio, au ameumia, na hapaswi kungoja hadi kesho ili watu wapate kumcheka na kumpa jina.

Kwa Mashua tulifanya mambo machache tu. Sahani ya bati, iliyokuwa ikiteleza, tuliibadilisha kwa bakuli zito la udongo tuliloliweka juu ya tofali, ili asihitaji kuinamisha kichwa sana. Mahali alipokuwa akipita mara kwa mara tulitandika mikeka, kwa sababu kwenye mkeka makucha hushika, lakini kwenye saruji iliyosuguliwa miguu yake ilikwenda kila mmoja upande wake. Maziwa tuliyaacha, akawa anapewa samaki wa kuchambua kwa vipande ambavyo angeweza kuviokota. Aliishi miaka kumi na moja, na hakuna paka mwingine katika nyumba ile aliyeomboleza vile alipokufa bibi.

Majina ya rangi yalikuwa mepesi zaidi, ingawa nayo yalikuwa na mitego yake. Kuna paka wa rangi ya chungwa tuliyemwita Bi Manjano kwa haraka, kinyume na kanuni ya bibi, kisha akageuka kuwa dume na kubaki na jina lake la Bi mpaka mwisho. Kumbe paka wanne kati ya watano wa rangi hiyo huwa madume, kwa sababu kirithi cha chungwa hukaa kwenye kromosomu ya jinsi ambayo dume anayo moja tu, na jike anazo mbili na hana budi kukipata kwenye zote mbili ili awe wa chungwa mwili mzima. Jike akikipata kwenye moja, huchanganya chungwa na nyeusi, na akiwa na mabaka meupe juu yake huwa kama kanga yenye mji na pindo. Hao tuliwaita Kanga bila wasiwasi, maana dume wa rangi hizo ni nadra mno.

Aliyenishangaza ni Kaniki. Aliitwa hivyo kwa weusi wake, na bibi alipenda kukumbusha kwamba kaniki haigeuki rangi. Akageuka. Alipokuwa na mwaka mmoja hivi alianza kupata rangi ya kutu mgongoni, halafu mbavuni, mpaka wageni wakauliza kwa nini paka wa kahawia anaitwa Kaniki. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kila jina letu lina swali ndani yake, nikamchukua mapajani nikayapasua manyoya kwa vidole. Kama jua ndilo lingekuwa limeyafifisha, ncha zingekuwa za kahawia na mashina yake meusi. Mashina pia yalikuwa ya kahawia, maana yake manyoya mapya yalikuwa yakiota tayari yakiwa yamepungukiwa rangi. Paka hutengeneza weusi wake kutokana na kijenzi kimoja cha protini kiitwacho tairosini, na Kaniki, kwa kuwa alikuwa mpole na wenzake walimnyang'anya samaki, alikuwa akiishi kwa ugali na mchuzi wa nazi. Tulianza kumlisha peke yake chumbani, dagaa waliochemshwa bila chumvi, asubuhi na jioni. Baada ya miezi kama mitatu nilipopasua tena manyoya niliona mstari mweusi umeanza chini kabisa, karibu na ngozi, nikaenda kumwita bibi aje auone kwa macho yake.

Sasa nifike kwa Kaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha upande mwingine wa jambo hili. Nilipohamia Muheza nilichukua mbwa mchanga mweusi mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, ambaye akikimbia taratibu mwili wake ulikwenda mshazari, kichwa upande huu na mkia upande ule, kama kaa wa pwani anayekimbilia shimo. Majirani walimcheka, nami nikamwita Kaa. Nilikuwa nimeshajifunza, basi niliuliza kwanza. Niliambiwa kwamba mbwa wa umbo hilo, miguu yake ya nyuma hufikia pale miguu ya mbele inapokanyaga, hivyo huipitisha pembeni ili isigongane, na kwamba mwendo huo si ugonjwa ukiwapo tangu utotoni. Unaoanza ghafla kwa mbwa mzima ndio unaoashiria maumivu ya nyonga au mgongo. Nikaridhika kwamba safari hii jina halikuficha kitu.

Halikuficha ugonjwa, lakini lilikuwa na kasoro ambayo mtu yeyote anayezungumza Kiswahili angepaswa kuiona siku ya kwanza. Nilimfundisha kuketi kwa neno lile lile ambalo sote hulitumia: "kaa." Alijifunza kwa siku nne, kwa hamu kubwa, kwa sababu kila alipoketi alipata kipande cha utumbo uliochemshwa. Kuanzia hapo nilipomwita kwa jina lake kutoka upande wa pili wa ua, aliketi. Nilipoita kwa sauti zaidi, aliketi kwa unyofu zaidi, akinitazama, mkia ukifagia vumbi. Nilidhani ni ukaidi, na ninasikitika kusema kwamba nilimkemea mara mbili tatu, nikiwa nimesahau kabisa somo la Kiburi. Siku aliyotoka nje ya geti nikamwona anaelekea barabarani, nikapiga kelele "Kaa! Kaa!" nikimaanisha arudi, naye akaketi pale pale pembezoni mwa lami huku lori la mkonge likipita. Alikuwa ametii kikamilifu. Mimi ndiye niliyekuwa nimempa neno moja lenye kazi mbili.

Nilimbadilishia jina akawa Upande, ili kile kilichotuchekesha kibaki, na kazi yenyewe ilichukua kama wiki mbili. Nilifanya hivi: mara tatu kwa siku, akiwa hajashiba, nilikaa naye hatua moja mbali, nikasema "Upande" mara moja tu kwa sauti ya kawaida, na papo hapo nikampa kipande kidogo cha chakula, bila kumwomba afanye chochote. Nilirudia mara kumi, nikaacha. Siku ya nne alianza kugeuza kichwa kabla mkono wangu haujasogea, na hapo ndipo nilipojua kwamba neno limeanza kuwa lake. Baada ya hapo nilingoja awe anatazama kwingine ndipo niite, kisha nikaongeza umbali: kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe. Katika siku zote hizo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kulitaja jina hilo kwa kumkemea, wala kulirudia mara tano mfululizo kama watu wanavyopenda, maana neno likisemwa bila kufuatiwa na kitu mbwa huacha kulisikiliza.

Tangu wakati huo huyapima majina kwa sikio kabla ya kuyapima kwa kicheko. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo mwanzo wa neno na mpangilio wa irabu zake ndivyo vinavyobeba tofauti kubwa. Simba, jina ambalo nadhani kila mtaa una mbwa anayeitwa hivyo, huanza sawasawa na "simama." Lala, jina la mvivu, ni amri. Kandambili, mwizi wa malapa wa nyumba ya bibi, lilikuwa jina zuri sana la kusimulia lakini refu kuitia, nasi wenyewe tulilikata likawa Kanda bila kujua kwa nini. Kwa paka watu wengi hudhani haina maana kujisumbua, lakini watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2019 kwamba paka wa nyumbani hulitofautisha jina lake na maneno mengine yenye urefu ule ule, hata likisemwa na mgeni. Paka walioishi wengi pamoja katika mkahawa wa paka, hata hivyo, hawakulitofautisha jina lao na majina ya wenzao, na hilo halikunishangaza nikikumbuka uani kwa bibi, ambako jina la yeyote likitajwa saa za chakula walikuja wote.

Hivi sasa nina kitoto cha paka chenye madoa ya kijivu, siku yake ya tisa nyumbani. Hanywi maji kwa ulimi. Huchovya mguu wa mbele wa kushoto ndani ya bakuli, akauinua, akaulamba, kisha akauchovya tena. Mpwa wangu anataka aitwe Mchovya, na ninakiri ni jina linalompendeza. Lakini bakuli letu ni jembamba na refu, na sijui bado kama anaepuka kugusa kingo zake kwa sharubu, au hauoni vizuri uso wa maji uliotulia, au ana jino linalomuuma. Jana tumemwekea sahani pana ya kina kifupi kando ya lile bakuli. Tukifika Ijumaa na bado anachovya kwenye zote mbili, nitamfungua mdomo nitazame fizi zake, na mpaka hapo ataendelea kuitwa mgeni.